Enkoda moja, dikoda mbili: kwa nini uso wa B haufungui mdomo?

KambaMbili (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimejenga otoenkoda ya kubadilisha uso kwa mtindo ule wa kwanza kabisa, uliosambaa kutoka Reddit mwishoni mwa 2017. Picha zinaingia zikiwa 64 kwa 64, enkoda ni moja kwa watu wote wawili, dikoda ni mbili, moja ya A na moja ya B. Kazi yenyewe ni filamu fupi na waigizaji wote wawili wameshasaini ridhaa, kwa hiyo tusianzie huko. A ndiye aliyecheza onyesho, B ndiye ambaye sura yake inatakiwa ionekane.

Nina picha 1,400 za A na 300 za B. Baada ya hatua 60,000 kosa la A limegota kwenye 0.031, la B limeshuka hadi 0.014. B akijichora mwenyewe anatoka safi, kwa kadiri pikseli 64 zinavyoruhusu. Shida inaanza nikipitisha A kwenye dikoda ya B. Akitazama mbele mdomo umefungwa, hakuna neno. Akifungua mdomo panatokea doa la kijivu tu pale midomo inapokutana. Akigeuza kichwa, uso unabaki umeikodolea kamera huku shingo na masikio yameshageuka. Inatisha kidogo.

Nauliza mawili. Nani aliiambia enkoda iache sura ya mtu na ibebe mkao peke yake, maana kwenye msimbo sioni mstari wowote unaosema hivyo? Na tatizo langu liko kwenye enkoda au kwenye dikoda?

---

Juma_Konvo

Mkuu hilo swali la kwanza ni rahisi. Enkoda ni chujio. Picha ina namba 12,288, yaani 64 × 64 × 3, halafu pale katikati unaibana ipite kwenye namba 1,024. Sura ya mtu haina pa kukaa, inabaki nje, unapita mkao, mwanga na hisia. Dikoda ndiyo inarudisha sura. Wewe hujafundisha vya kutosha, peleka hatua mpaka 200,000 uone.

---

mama_tensa

Juma umeshika nusu, hiyo nusu nyingine ndiyo itakayompoteza mleta uzi.

Namba 1,024 si chache hata kidogo. Ili kujua huyu aliyeingia ni A au B, enkoda inahitaji namba moja tu kati ya hizo, tena hata alama yake ya kujumlisha au kutoa inatosha. Kwa hiyo sura haikuachwa nje kwa kukosa nafasi. Nafasi ipo tele.

Kilichopo ni kwamba kuibeba hakuna faida. Tazama namna modeli mbili zinavyounganishwa:

```python
x = Input(shape=(64, 64, 3))
autoencoder_A = Model(x, decoder_A(encoder(x)))
autoencoder_B = Model(x, decoder_B(encoder(x)))
```

Dikoda ya A tangu izaliwe haijawahi kudaiwa kumchora mtu mwingine zaidi ya A. Ukiiambia "huyu ni A" hujaiambia kitu. Inachotaka kusikia ni kichwa kimeelekea wapi, mdomo umefunguka kiasi gani, taa iko upande upi. Habari hizo ndizo zinazopunguza kosa, basi gradienti zinaisukuma enkoda izibebe hizo. Dikoda ya B nayo inadai yaleyale kutoka kwenye enkoda ileile. Kila mzunguko unapita fungu la A, uzito wa enkoda na wa dikoda A unarekebishwa. Kisha fungu la B, uzito wa enkoda ileile na wa dikoda B. Kichujio kilichojifunza pembe ya mdomo kwa picha za A kinatumika pia kwa picha za B, kwa sababu kuwa na vichujio viwili vya kazi moja ni gharama isiyo na malipo.

Lakini angalia: kutokuwa na faida ya kubeba sura si sawa na kukatazwa kuibeba. Hakuna adhabu popote. Kwa hiyo sura ya A huvuja ndani ya msimbo wa kati, yaani zile namba 1,024, na matatizo mengi ya kubadilisha uso yanaanzia kwenye huo uvujaji.

---

Juma_Konvo

Sawa mama, hapo kwenye faida nimekuelewa. Ila bado naona ukibana kiuno zaidi, tuseme namba 128, sura itavuja kidogo.

---

mama_tensa

Itavuja kidogo, ndiyo, lakini na mboni za macho zitaondoka nayo. Kiuno kikibanwa kinaanza kutupa vitu vyenye pikseli chache, na jicho lina upana wa pikseli kumi na kidogo kwenye picha ya 64. Utapata uso usiovuja ambao haujui unatazama wapi.

---

Otieno_254

Niongeze hapo. Njia rahisi ya kuelewa kwa nini enkoda lazima iwe moja ni kuweka mbili uone kinachotokea. Wengi hufanya hivyo bila kujua: wanaandika kitendakazi cha kujenga enkoda, halafu wanakiita mara mbili, kimoja kwa kila modeli. Kosa la A linashuka vizuri, la B pia, mtu anafurahi. Akija kubadilisha anapata takataka, si uso mbaya bali rangi zilizomwagika.

Sababu ni kwamba kila enkoda imejitungia lugha yake. Kwa A, namba ya 17 inaweza kuwa kidevu kimeinuka. Kwa B namba hiyohiyo ya 17 ni mwanga wa kushoto. Hakuna kitu kilichowahi kuwalazimisha wakubaliane. Mleta uzi, hebu hakikisha kwanza hujaingia mtego huo. Kwenye Keras ukiandika `autoencoder_A.summary()` na ya B, jina la safu ya enkoda lazima liwe lilelile kwa zote mbili.

---

KambaMbili (mleta uzi)

Nimeangalia, ni lilelile. Enkoda ni moja kweli.

---

BintiPwani_88

Samahanini wakuu, mimi nina picha moja tu ya ndugu yangu, ya pasipoti, nataka kuweka uso wake kwenye video ya harusi. Nifundishe kwa hatua ngapi?

---

Otieno_254

Dada hiyo ni mashine nyingine kabisa. Ya kutumia picha moja, kama `inswapper_128`, haina dikoda ya kila mtu. Ina mtandao mmoja uliofundishwa kwa nyuso za watu wengi, nawe unaupa namba zinazowakilisha sura ya huyo ndugu yako. Haifundishwi upya kwa kila mtu. Hii ya uzi huu, kwa picha moja, dikoda itakariri ile pasipoti na kukutolea ileile kwenye kila fremu, hata bi harusi akicheka. Na umwombe ndugu ruhusa kwanza, hata kama ni ndugu.

---

mama_tensa

Turudi kwa mleta uzi, swali la pili. Tusibishane kwa hisia, kuna jaribio la dakika mbili.

Chukua fremu moja ya A, ile ambayo mdomo umefunguka na meno yanaonekana. Ipitishe kwenye dikoda ya A, si ya B. Kama meno yanatoka, maana yake habari ya "mdomo wazi" imepita kwenye kiuno salama, enkoda imefanya kazi yake. Kisha pitisha msimbo uleule, bila kugusa chochote, kwenye dikoda ya B:

```python
z = encoder.predict(uso_A.reshape(1, 64, 64, 3))
a = decoder_A.predict(z)
b = decoder_B.predict(z)
```

`a` ikiwa nzuri na `b` mbaya, mgonjwa ni dikoda ya B, au ni umbali kati ya misimbo ya A na ya B. Ili kutenganisha hayo mawili, rudia kwa fremu ya A anayetazama mbele mdomo umefungwa, mkao ambao B pia anao. Ikitoka mbaya hata hapo, misimbo haikutani. Ikitoka nzuri hapo na mbaya kwenye mdomo wazi, dikoda ya B haijawahi kuona mdomo wazi. Tueleze unapata nini. Pia tuambie hizo picha 300 za B zimetoka wapi.

---

KambaMbili (mleta uzi)

Nimefanya. `a` inaonyesha meno vizuri. `b` ni doa la kijivu. Mbele mdomo umefungwa, `b` ni nzuri.

Picha za B nimezitoa kwenye video moja ya simu, anatazama kamera na kutabasamu kidogo. Nimechukua kila fremu.

---

Otieno_254

Fremu 25 kwa sekunde?

---

KambaMbili (mleta uzi)

Ndiyo.

---

Otieno_254

Basi huna picha 300 za B. Una sekunde 12 za B. Ni kama picha tano au sita zilizorudiwa rudiwa.

---

mama_tensa

Hilo ndilo jibu, na linaeleza pia lile kosa la 0.014 ulilokuwa unalifurahia. B ameshinda A kwa zaidi ya nusu si kwa sababu dikoda yake ni hodari, bali kwa sababu mtihani wake ni mwepesi. Imekariri uso mmoja. Ukiona kosa la mmoja limezama mbali chini ya mwenzake, usishangilie, kahesabu mikao yake.

Fikiria dikoda kama fundi wa kuchora aliyefungiwa chumbani, anapewa karatasi ya namba 1,024 na kudaiwa picha. Fundi B ameona karatasi za aina moja tu: mbele, mdomo umefungwa. Leo unamletea karatasi inayosema "mdomo wazi, meno ya juu yanaonekana". Yeye hajawahi kuyaona meno ya B. Anachora kitu kati ya vitu anavyovijua, na wastani wa midomo iliyofungwa iliyosukumwa mahali pa mdomo ulio wazi ni hilo doa lako la kijivu. Kichwa kilichogeuka ni hivyohivyo: hana shavu la pembeni la B mahali popote kwenye kumbukumbu, anakupa la mbele.

Na hapa, Juma, hatua 200,000 zingemwongezea ukaidi. Angekariri zaidi.

---

Juma_Konvo

Nimekubali 😅 Sasa achukue picha ngapi?

---

mama_tensa

Idadi si hoja, hoja ni mikao. Picha 600 za mikao tofauti zitamshinda mwenye 5,000 za kukodolea kamera. Kipimo ni hiki: kila mkao ambao A anao kwenye onyesho, B awe nao kwenye data. Mkao ambao B anao na A hana, haudhuru, hautatumika tu.

Mleta uzi, rudi kwa B umrekodi dakika nne hivi. Ageuze kichwa polepole kutoka bega hadi bega, kisha juu na chini, huku anaongea, asinyamaze. Kwa midomo, a-e-i-o-u zinakupa umbo la kufunguka, lakini usisahau kufunga: "baba", "mama", "pipa" zinakutanisha midomo, "fufua" na "vumbi" zinaweka meno juu ya mdomo wa chini. Acheke wazi. Afumbe macho kabisa kwa sekunde kadhaa, kwa sababu kupepesa kwa kawaida ni fremu chache mno na dikoda haitaona jicho lililofumba vya kutosha kujifunza kope. Mwaka 2018 akina Siwei Lyu pale Albany walitumia udhaifu huo hasa kukamata video bandia: watu wasiopepesa macho. Kisha rudia nusu ya hayo taa ikiwa upande wa pili.

Ukimaliza, usitoe kila fremu. Toa moja kwa kila theluthi ya sekunde, utapata mia saba na ushei zenye tofauti ya kweli.

---

Kitenge_Render

Wakati anarekodi upya, ahakikishe kitambuzi cha uso hakimdondoshi. Kwa nyuso nyeusi kwenye mwanga hafifu, vitambuzi vingi vinakosa hasa zile fremu za pembeni, au vinaweka alama za kidevu juu ya kola ya shati. Fremu ikikosekana inakosekana kimyakimya, halafu mtu anadhani ana picha za pembeni kumbe hana. Fungua folda ya nyuso zilizokatwa uzipange kwa mwelekeo wa kichwa, uziangalie kwa macho. Uso mmoja uliokatwa vibaya si kitu, lakini arobaini dikoda itazijifunza, utaona kola inapepesuka kidevuni.

---

msomaji_tu

Naomba kuuliza, mimi si mtaalamu. Nimetumiwa video ya kiongozi mmoja WhatsApp anasema maneno ya ajabu. Kwa hiyo nikitazama kama anapepesa macho nitajua?

---

Kitenge_Render

Hapana ndugu, hiyo ya kupepesa ilikuwa 2018, watu walishaongeza picha za macho yaliyofumba kwenye data zao. Kwa aina hii ya modeli tazama pale data inapoishia: kichwa kikigeuka pembeni kabisa, mkono ukipita mbele ya uso, nyusi mbili zikionekana moja juu ya nyingine kwa fremu moja. Tazama pia kama uso una ukungu kuliko nywele zilizouzunguka, kwa sababu uso wa pikseli 64 au 128 umevutwa ujaze nafasi ya pikseli 400. Lakini video iliyopitia WhatsApp mara tano imebanwa hadi kila kitu kina ukungu, kwa hiyo hata mimi nisingeapa. Tafuta ilikotoka kwanza kuliko kuitazama pikseli.

---

KambaMbili (mleta uzi)

Asanteni sana. Wiki hii nitamrekodi. Kuna kitu kimoja nilikiruka nilipokuwa naandika msimbo: ile sehemu ya kupinda picha kabla haijaingia. Nilidhani ni mbwembwe za kuongeza data, nikaizima ili mafunzo yaende haraka. Ina umuhimu?

---

Otieno_254

Weeh. Umeizima?

---

mama_tensa

Duh. Hiyo si mbwembwe, iwashe leo hii.

Kwenye msimbo wa awali inafanya hivi. Picha ya uso ni 256 kwa 256. Inachukuliwa mraba wa katikati wenye upana wa pikseli 160, unawekewa vinundu 25, tano kwa tano, kila kimoja pikseli 40 kutoka kwa jirani yake. Kila kinundu kinasukumwa kwa bahati nasibu yenye mchepuko wa pikseli 5, kisha picha inavutwa kufuata vinundu hivyo kama mtu aliyevuta kitambaa cha mpira. Inapunguzwa na kukatwa kingo, inabaki 64 kwa 64. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye enkoda. Lakini picha ambayo dikoda inadaiwa kuirudisha ni ile *isiyopindwa*.

Elewa maana yake. Mtandao hauambiwi "rudisha ulichopewa". Unaambiwa "hapa kuna uso wa B uliopotoshwa, taya limevimba, jicho moja limeshuka, nirudishie B halisi". Dikoda ya B inajifunza kunyoosha: chochote kinachofanana na uso wa binadamu katika mkao huu, nakirudisha kwenye taya la B na macho ya B. Sasa siku unapoileta sura ya A, kwa macho ya enkoda A anakaribia kuwa "B aliyepindwa kidogo". Dikoda inamnyoosha kuwa B. Bila kupinda, mtandao hauna sababu ya kujifunza kunyoosha, unakili tu, na umbo la taya la A linapita mpaka mwisho. Utapata A aliyepakwa rangi ya ngozi ya B.

---

Juma_Konvo

Aisee hii sikuijua. Mimi kila siku nilidhani ni kuongeza data.

Ila sasa nikuulize, kama inanyoosha kila kitu, si itanyoosha na hisia? Mtu akipinda mdomo upande mmoja kwa dharau, mtandao utadhani ni picha imepindwa, utamrudishia mdomo ulionyooka.

---

mama_tensa

Swali zuri, na jibu ni ndiyo, kwa kiasi. Mchepuko wa pikseli 5 kwenye ile ya 160 unakuwa kama 2.5 kwenye picha ya 64. Kitu kidogo kuliko hapo mtandao hauwezi kukitofautisha na kupinda. Dharau ya pembe ya mdomo, nyusi kuinuka kidogo, mboni kusogea, vyote viko chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana nyuso za modeli hizi zina ule upole wa ajabu, kama mtu aliyetoka kupewa ganzi.

Wengi huwasha kupinda kwa sehemu kubwa ya mafunzo, halafu wanazima mwishoni, tuseme zile hatua 10,000 au 20,000 za mwisho, ili macho na midomo vikae sawa. DeepFaceLab ina swichi yake kabisa kwa ajili hiyo. Ukizima mapema, sura ya A inaanza kurudi.

---

Otieno_254

Hapo mimi napingana na mama kidogo. Kwa pikseli 64 sizimi hata mwishoni. Ukizima, dirisha la onyesho linapendeza, A kwenda A safi, B kwenda B safi, na jicho linaamini. Kumbe safu ya A kwenda B, ambayo ndiyo kazi yenyewe, imeanza kurudisha pua ya A. Afadhali mboni zisizotulia kuliko pua ya mtu mwingine.

---

mama_tensa

Inategemea pua zenyewe. Kama A na B wana maumbo yanayokaribiana, kuzima hakudhuru. Kama ni mbalimbali, nakubaliana nawe. Sina kanuni moja, nahifadhi uzito kabla ya kuzima ili niweze kurudi.

---

Kitenge_Render

Kuna msaidizi mwingine wa kukutanisha misimbo ambao watu wanausahau kwa sababu ni mstari mmoja tu. Kwenye hati ya awali ya mafunzo upo:

```python
images_A += images_B.mean(axis=(0,1,2)) - images_A.mean(axis=(0,1,2))
```

Wastani wa kila rangi wa picha zote za A unasogezwa ulingane na wa B. Tuseme A amepigwa chini ya taa za manjano na wekundu wake una wastani wa 0.52, B ni kivulini, 0.44. Picha zote za A zinapunguzwa wekundu kwa 0.08. Usipofanya hivyo, enkoda inaweza kuwatenga A na B kwa rangi peke yake, hata kabla ya kuona pua, na misimbo yao inakaa vyumba viwili tofauti.

Mitego ni miwili. Wakati wa kubadilisha video lazima uongeze kiasi kilekile kwenye fremu ya A, la sivyo enkoda inakutana na A asiyemfahamu. Na wastani unahesabu kila kitu ndani ya mraba: kama A ana kilemba cheupe kinachoingia kwenye picha, cheupe hicho kinavuta wastani na ngozi yake inatiwa giza bila kosa. Kaza mraba au tumia barakoa.

---

KambaMbili (mleta uzi)

Narudi baada ya siku tisa. B amerekodiwa dakika nne na nusu, nimepata nyuso 790 baada ya kufuta mbaya. Kupinda kumewashwa, rangi zimesogezwa. Hatua 80,000, kosa la A 0.034, la B 0.036. Naona limepanda kuliko zamani, lakini mdomo unafunguka! Meno yapo. Kichwa kinageuka mpaka karibu nusu.

Limebaki jambo la ajabu. B ana baka dogo jeusi shavu la kushoto. Kwenye matokeo yapo mawili, kushoto na kulia, yote yamefifia.

---

Juma_Konvo

Hiyo data imechanganyika, umeweka picha za mtu mwingine.

---

Otieno_254

Hapana, hiyo ni kugeuza picha kama kwenye kioo. Msimbo wa awali unageuza kila picha kwa uwezekano wa 0.4. Kwa hiyo katika kila picha kumi za B, nne zina baka kulia na sita kushoto. Kiuno hakibebi habari ya "hii imegeuzwa", dikoda haijui ichore upande gani, na kwa kuwa kosa linapimwa kwa tofauti ya pikseli, njia salama kwake ni kuchora kidogo huku na kidogo kule. Weka `random_flip` ya B iwe 0, endelea kufundisha kutoka hapo ulipo, baka la kulia litafutika lenyewe.

Kosa kupanda ni kawaida, mtihani umekuwa mgumu. Na sasa wawili wanalingana, ndivyo inavyotakiwa.

---

mama_tensa

Kabla hajaizima: B ana picha za pembeni pande zote mbili? Ukizima kugeuza na B aligeuka zaidi kushoto, pembeni kulia kutarudi kuwa ukungu. Hesabu kwanza. Kama kulia ni chache, ni heri ufute baka kwenye picha zenyewe, au ulichore baadaye kwenye fremu kwa mkono.

---

KambaMbili (mleta uzi)

Nimehesabu. Kushoto 214, kulia 61. Mkurugenzi anasema baka ndilo linalomtambulisha, halifutwi.

---

Otieno_254

Basi mwite tena B, dakika moja tu, ageukie kulia. Taa ileile.

---

Kitenge_Render

Na shati lilelile.